Koti la Maabara ni Jukumu la Nani?

Tarehe 29 Desemba 2008 chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, lakini katika jengo la kemia la Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, maarufu kwa jina la UCLA, watu wachache walikuwa kazini. Mmoja wao alikuwa Sheharbano Sangji, ambaye wenzake walimwita Sheri, msichana wa miaka 23 aliyehitimu shahada ya kwanza mwaka huohuo na kuajiriwa mwezi Oktoba kuwa msaidizi wa utafiti katika maabara ya Profesa Patrick Harran. Alikuwa amevaa sweta ya nyuzi za viwandani na glavu nyembamba za nitraili. Koti la maabara hakuwa nalo mwilini.

Kazi yake mchana ule ilikuwa kuhamisha kimiminika kiitwacho tert-butilithiamu kutoka kwenye chupa ya kiwandani na kukitia katika chombo cha kuchanganyia. Alitumia bomba la sindano la plastiki lenye ujazo wa mililita 60. Wakati wa kuvuta, mchi wa bomba ulichomoka, kimiminika kikamwagika na kuwaka papo hapo. Karibu naye palikuwa na chombo cha heksani, nayo ni kiyeyushi kinachoshika moto upesi, na moto ukaidaka. Sweta ikawaka akiwa ameivaa. Mwenzake mmoja alijaribu kuuzima moto kwa koti lake mwenyewe la maabara, na wengine wakamwagia maji ya sinki. Bafu la dharura lilikuwemo mle maabarani, hatua chache tu kutoka alipokuwa, lakini hakufikishwa chini yake. Aliungua zaidi ya theluthi moja ya mwili, na tarehe 16 Januari 2009, siku 18 baadaye, alifariki dunia.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu si hadithi ya mtu mzembe peke yake. Chuo kilikuwa na kanuni za usalama, kilikuwa na wakaguzi, na wakaguzi hao walikwisha kuliona tatizo la makoti kabla ya moto. Mtu anayetaka kuelewa sera ya vifaa vya kinga inavyofanya kazi, na namna inavyoweza kukaa kwenye faili bila kumfaa yeyote, atajifunza mengi hapa.

Tuanze na kimiminika chenyewe. Tert-butilithiamu haihitaji kiberiti. Ikigusana na hewa inawaka yenyewe, kwa hiyo huuzwa ikiwa imeyeyushwa ndani ya pentani, katika chupa iliyozibwa kwa kifuniko cha mpira ambacho hakifunguliwi kamwe. Sindano ndiyo inayopenya mpira huo. Hewa isiingie, hivyo nafasi iliyo juu ya kimiminika hujazwa naitrojeni au agoni, gesi zisizochangia moto. Pentani nayo ni hatari ya pili, maana huchemka kwenye nyuzi 36 hivi za selsiasi, chini ya joto la mwili wa binadamu, na mvuke wake hushika moto upesi mno. Mtu anayeishika chupa hiyo ana kitu kinachojiwasha kilichoyeyushwa ndani ya kitu kinachowaka kama petroli.

Kemikali hii huhamishwa salama kila siku katika maabara nyingi duniani, na njia zake zinajulikana. Kwa kiasi kidogo hutumika bomba la kioo lenye sindano ndefu inayopindika, na bomba halijazwi hadi mwisho, ili mchi ubaki umeshikwa vizuri. Kwa kiasi kikubwa, kuanzia mililita 50 hivi, maelekezo ya watengenezaji yalishauri kuachana na bomba kabisa na kutumia mrija wa chuma wenye ncha mbili. Ncha moja huchomwa kwenye chupa, ya pili kwenye chombo, na shinikizo dogo la gesi hukisukuma kimiminika kipite bila kukutana na hewa. Sangji alihitaji takriban mililita 160, mara tatu ya kiasi alichokitumia alipolifanya jaribio hilo mara ya kwanza mwezi Oktoba. Akarudia njia ileile ya bomba, awamu baada ya awamu, akilijaza karibu na ukingo.

Nayaeleza haya kwanza kwa makusudi. Vifaa vya kinga ni ukuta wa mwisho. Kabla yake kuna uchaguzi wa njia ya kazi, kiasi cha kemikali, mafunzo, na mtu mwenye uzoefu wa kusimama karibu na anayejifunza. Sera inayoanza na kuishia kwenye "vaa koti, vaa miwani, vaa glavu" imeziruka hatua zote ambazo zingeuzuia moto wenyewe. Ila ukuta wa mwisho una kazi yake pia, kwa kuwa ndio unaobaki pale mengine yote yanaposhindwa.

Koti linafanya nini hasa? Kitambaa cha poliesta na jamii yake kikipata moto huyeyuka, na kile kilichoyeyuka hunata kwenye ngozi huku kikiendelea kuichoma. Pamba haiyeyuki, huungua na kuwa jivu, na hiyo ni nafuu ndogo. Pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, au kitambaa kilichotengenezwa makusudi kama Nomeksi, hukataa kuendelea kuwaka chanzo cha moto kikiondoka. Koti zuri lina vifungo vya kubonyeza, ili mtu alivue kwa mvuto mmoja. Kulivua ndiyo sehemu ya kinga ambayo wengi huisahau. Kimiminika kinachowaka kikimwagikia koti, koti hutupwa chini likiwa na moto wake, mtu akakimbilia bafu. Kikimwagikia sweta inayovaliwa kwa kupitishwa kichwani, hakuna njia ya haraka ya kuivua isipokuwa kuupitisha moto usoni. Siwezi kudai kwamba koti lingemwokoa Sangji, na hakuna anayeweza kulithibitisha hilo. Ninachojua ni kwamba sekunde zake za kwanza zingekuwa tofauti.

Sasa turudi nyuma miezi miwili. Tarehe 30 Oktoba 2008 maofisa usalama wa chuo waliikagua maabara hiyo. Kwa mujibu wa ripoti yao iliyoandikwa na gazeti la Los Angeles Times, walikuta upungufu zaidi ya kumi, na miongoni mwake ni wafanyakazi kutovaa makoti yaliyotakiwa. Waliagiza marekebisho yawe yamekamilika ifikapo tarehe 5 Desemba. Tarehe hiyo ilipita. Moto ulikuja siku 24 baadaye.

Watu wengi wakisoma habari hii humlaumu aliyeipuuza tarehe ya mwisho. Mimi naona kosa lilianza mapema zaidi, pale tarehe hiyo ilipotolewa. Upungufu wa maabara ni wa aina mbili. Kuna ule unaohitaji fedha, fundi na muda: kabati jipya la kuhifadhia viyeyushi, feni ya kufyonza mvuke, bomba la maji lililooza. Huo unastahili kupewa wiki tano. Kisha kuna ule unaokwisha kwa uamuzi wa dakika moja. Mtu ameshika kemikali ya hatari bila koti, basi ataweka chini alichoshika, atavaa koti, ataendelea. Kama koti halipo, kazi itasimama mpaka lipatikane. Kumwandikia mtu wa namna hiyo ripoti yenye muda wa zaidi ya mwezi ni kumruhusu afanye kazi bila kinga kwa muda huo wote, na kumruhusu kwa maandishi. Sera iliyoandikwa vizuri hutenganisha aina hizi mbili waziwazi, na humpa mkaguzi mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo kwa aina ya pili. Pasipo mamlaka hayo, mkaguzi ni mtu wa kuchukua kumbukumbu tu.

Matokeo ya kisheria yalikuja taratibu, na yanafaa kufuatwa kwa sababu yanaonyesha wajibu uligawanywaje. Mwezi Mei 2009 idara ya jimbo la California inayosimamia usalama kazini ilikitoza chuo faini ya dola 31,875. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: mfanyakazi hakupewa mafunzo ya kutosha, mavazi ya kinga hayakuhakikishwa, na hatari iliyokwisha kugunduliwa haikurekebishwa kwa wakati. Kwa chuo kikubwa kiasi hicho, fedha hizo ni kidogo sana.

Kisha, mwishoni mwa Desemba 2011, ofisi ya mwendesha mashtaka wa Los Angeles ilifungua mashtaka ya jinai, yale ya daraja la juu, dhidi ya bodi inayoongoza chuo na dhidi ya Profesa Harran mwenyewe. Walishtakiwa kwa kuvunja kwa makusudi kanuni za usalama kazini na kusababisha kifo. Jambo hilo liliwashtua wanasayansi wa Marekani, ambao hawakuzoea kuona mkuu wa maabara akisimamishwa kizimbani kwa ajali ya kazini. Mwaka 2012 mashtaka dhidi ya bodi yaliondolewa kwa makubaliano: chuo kilikubali wajibu wa hali iliyokuwepo maabarani, kikaahidi mpango mpana wa usalama katika idara zake za kemia, na kikaanzisha ufadhili wa masomo ya sheria wa dola 500,000 kwa jina la Sangji, aliyekuwa akitamani kuwa mwanasheria. Harran aliyakana mashtaka. Makubaliano yake yalikuja Juni 2014. Kesi iliahirishwa kwa masharti, naye akakubali kutoa dola 10,000 kwa kituo cha matibabu ya waliounguzwa na moto, kufanya saa 800 za huduma kwa jamii, na kufundisha kemia vijana wanaojiandaa kwenda chuoni. Hakukiri kosa la jinai, ila alikubali wajibu juu ya hali ya maabara yake siku ile. Mashtaka yalifutwa mwaka 2018.

Kuna jambo moja katika kesi hiyo ambalo wasomaji wenye watoto vyuoni wanapaswa kulitazama kwa makini. Sheria iliyotumika ilikuwa sheria ya kazi, na ilifika maabarani kwa sababu Sangji alikuwa mwajiriwa anayelipwa mshahara. Mwanafunzi asiye na ajira, akisimama mahali palepale akiwa na bomba lilelile mkononi, hakuwa na ulinzi huo wa sheria ya kazi. Ndiyo maana sera ya maabara haipaswi kuinakili sheria na kuishia hapo. Lazima iseme kwa maneno yake yenyewe kwamba inamhusu kila anayeingia: mfanyakazi, mwanafunzi, mgeni, fundi wa umeme, na profesa mwenyewe.

Sera ya vifaa vya kinga ambayo Chuo Kikuu cha California ilikuja kuitumia katika kampasi zake zote ni fupi kuliko mtu anavyodhani, na imepangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza inamhusu yeyote anayekanyaga ndani ya maabara, hata kama hagusi kitu: suruali au vazi linalofunika miguu yote, na viatu vilivyofunika vidole na kisigino. Ndala zinabaki nje. Ngazi ya pili inamhusu anayeshughulika na vitu vya hatari au anayekaa karibu na anayevishughulikia, naye anatakiwa kuvaa koti na miwani ya kinga. Neno "karibu" lina maana kubwa, kwani miwani ya mtu anayemimina asidi haimlindi jirani yake anayeandika kwenye daftari. Ngazi ya tatu ni ya hatari maalumu. Anayefanya kazi na kemikali zinazojiwasha anavaa koti linalozuia moto, na kiasi kiwe kidogo namna gani hakibadilishi sharti hilo.

Wajibu nao umegawanywa kwa mkono wa kila mtu. Taasisi inanunua vifaa, na pia inafua makoti. Hili la kufua linaonekana dogo, lakini koti linalopelekwa nyumbani linabeba kemikali hadi kwenye beseni la nguo za watoto, na koti ambalo mwenyewe ndiye anayetakiwa kulifua huishia kutundikwa chafu nyuma ya mlango. Mkuu wa maabara anatakiwa kuandika tathmini ya hatari kabla ya kazi kuanza, akitaja kila kazi na kifaa chake, kisha afundishe na ahakikishe kinavaliwa. Anaweza kumkabidhi msaidizi shughuli hiyo, lakini wajibu unabaki kwake. Mfanyakazi anavaa alichopewa, anakikagua kabla ya kukivaa, na anatoa taarifa kikiharibika au kisipomtosha. Koti lenye mikono mirefu kupita kiasi nalo ni hatari, kwa kuwa huzoa chupa mezani.

Hiyo tathmini ya maandishi ndiyo moyo wa sera yote, na sababu yake inaonekana wazi katika kifo kingine. Mwezi Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, alidondosha tone moja au mawili ya dimethilizebaki juu ya glavu yake. Alikuwa amevaa glavu za mpira na miwani, akifanya kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Alifuata kanuni kama zilivyokuwa. Miezi kadhaa baadaye alianza kuyumba anapotembea, akashindwa kutamka maneno vizuri, na mwezi Juni 1997 akafa kwa sumu ya zebaki. Vipimo vilivyofanywa baada ya ajali vilionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu za aina ile ndani ya sekunde chache, na kwamba ilihitajika glavu ya ndani yenye tabaka kadhaa za plastiki maalumu pamoja na glavu nzito juu yake. Kanuni inayosema "vaa glavu" ilitimizwa siku ile, na haikumsaidia. Kwa hiyo sera ya kweli hutaja jina la kazi, jina la kemikali, aina ya glavu, na ni baada ya muda gani ibadilishwe. Fundi anayechomelea anaelewa jambo hili vizuri, maana miwani ya jua inafunika macho lakini haizuii mionzi ya cheche za umeme.

Limebaki suala gumu kuliko yote, la kumchukulia hatua asiyetii. Taasisi nyingi huandika ngazi zinazofahamika: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kuzuiwa kuingia maabarani hadi mafunzo yarudiwe, na mwisho kufukuzwa. Ngazi hizo hazina ubaya. Ubaya huja pale zinapomhusu kijana wa chini peke yake. Msaidizi mgeni huvaa anachokiona kikivaliwa na waliomtangulia. Maabara ambayo watu watano kati ya sita hawana makoti haina wakaidi watano, ina mkuu mmoja ambaye hajatimiza kazi yake, na hatua inapaswa kuanzia kwake. Adhabu inayomgusa mkuu wa maabara haiwi ya fedha ndogo. Kufungiwa maabara kwa siku tatu, huku majaribio yake yakiwa yamekwama, kunamuuma zaidi, na kunatokea kabla mtu hajaumia.

Vilevile lazima kutenganisha kukataa kuvaa na kutoa taarifa. Mtu aliyemwagikiwa na asidi kidogo mkononi bila glavu, akajua kwamba akisema ataandikiwa onyo, ataosha mkono kimya kimya na kuendelea. Maabara itapoteza habari ambayo ingeizuia ajali ya mtu mwingine wiki ijayo. Sera nzuri husema waziwazi kwamba anayeripoti tukio dogo hataadhibiwa kwa sababu ya ripoti yake, na kwamba anayekataa kazi kwa kukosa kifaa kilichotajwa kwenye tathmini hawezi kupoteza ujira wala alama za masomo. Sangji alikuwa na miezi isiyozidi mitatu kazini. Mtu wa umri na cheo hicho hasimami kirahisi mbele ya profesa na kusema hataendelea mpaka aletewe koti. Ruhusa hiyo inabidi iwe imeandikwa, na aliyeiandika awe ni mkubwa wake.

Kwetu sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zote zinaugawa wajibu kwa namna hiyohiyo: mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa, mfanyakazi avivae. Katika gereji na karakana za kuchomelea, na katika maabara za shule za sekondari, sehemu ya kwanza ndiyo mara nyingi inayokosekana, kisha kijana akalaumiwa kwa sehemu ya pili. Mzazi, mwalimu au mwanagenzi anayetaka kujua hali ya mahali pake anaweza kuomba kuona karatasi mbili. Ya kwanza ni tathmini ya hatari ya kazi inayofanywa leo, ikiwa na jina la aliyeisaini. Ya pili ni ripoti ya ukaguzi wa mwisho, na humo asome safu mbili tu: tarehe upungufu ulipogunduliwa, na tarehe uliporekebishwa. Safu ya pili ikiwa tupu mbele ya neno koti, glavu au miwani, aulize ni nani anafanya kazi hiyo saa hii.